Mchoro Unaokubali Kisu

Ukitaka kujua kama stika ya kioo cha duka ilichorwa na mtu anayejua kazi, usiiangalie siku ilipobandikwa. Siku hiyo kila stika inang'aa. Irudie baada ya miezi kadhaa ya kufutwa kwa kitambaa kila asubuhi, vumbi na jua vikishafanya yao. Utakuta vitu vidogo ndivyo vilivyotangulia kuondoka: nukta ya juu ya herufi i, vikia vyembamba vya herufi za mapambo, mstari wa uzi kwenye nembo ya fundi cherehani. Mara nyingi lawama huangukia gundi, au mtu aliyebandika. Lakini ukifuatilia utagundua tatizo lilizaliwa mapema zaidi, kwenye kompyuta, pale mchoro ulipoandaliwa kana kwamba utachapwa kwa wino wakati ulikuwa unakwenda kukatwa kwa kisu.

Tofauti hiyo ndiyo msingi wa kila kitu. Printa huweka wino palipo na rangi. Mashine ya kukata stika, ambayo mafundi wengi huiita plota, haijui rangi ni nini. Inajua njia tu: anzia hapa, pita hapa, ishia pale. Kisu chake kidogo hukata utando wa vinaili na kuacha nzima karatasi laini ya nyuma inayoubeba. Baada ya hapo mkono wa mtu hubandua kila kisichotakiwa, yaani mabaki, ili herufi na picha zibaki peke yake juu ya karatasi. Kisha stika hufunikwa kwa tepu ya kuhamishia, ikainuliwa, ikapelekwa kiooni. Kwa hiyo mchoro una watumiaji wawili wa kuwafikiria kabla ya mpita njia: kisu na mkono unaobandua mabaki.

Mstari una kingo mbili

Tuchukue kazi moja tuifuate hadi mwisho. Mama mmoja mwenye duka la kushona sare anataka stika kwenye kioo cha mlango wake. Kioo kina upana wa sentimita 80, na mchoro utachukua sentimita 60 katikati. Juu iwepo nembo: cherehani, mkasi na uzi unaozunguka. Chini yake maneno USHONAJI WA SARE. Chini kabisa siku na saa za kazi. Nembo anayo tayari, ilichorwa kwa ajili ya bango lake la nje. Anachouliza ni bei na siku ya kuchukua.

Tatizo la kwanza hujificha kwenye uzi. Kwenye kioo cha kompyuta uzi unaonekana mnene na mzuri, lakini aliyeuchora alichora njia moja kisha akaipa unene, sawa na kuchora kwa kalamu pana. Plota hausomi ule unene. Unasoma njia iliyo katikati yake, na kisu kitapita mara moja tu na kuacha mpasuko mmoja. Hakuna ukanda wa stika utakaopatikana hapo, kwa sababu ukanda unahitaji kingo mbili, moja kila upande.

Dawa yake ni kuugeuza ule unene uwe umbo kamili lenye mzingo. Kwenye programu ya Inkscape, ambayo ni ya bure na wengi wanaitumia, unachagua mstari na kubofya `Path > Stroke to Path`. Maandishi nayo yana hatua yake, `Path > Object to Path`, ili yaache kuwa herufi za kuandikika na yawe maumbo. Usipofanya hivyo, kompyuta ya fundi isiyo na fonti uliyotumia itaweka fonti nyingine bila kukuuliza, na mpangilio wote utabadilika.

Njia rahisi ya kuona kile kisu kitakachokiona ni `View > Display Mode > Outline`. Rangi zote hutoweka, zinabaki njia tupu. Hapo ndipo siri nyingine hutoka. Kwenye nembo ya huyu mama, kwa mfano, tundu la mpini wa mkasi lilitengenezwa kwa kuweka duara jeupe juu ya umbo jeusi. Kwa macho ni tundu. Kwa kisu ni maumbo mawili yaliyolaliana, kila moja likiwa na njia yake, na popote duara hilo litakapovuka ukingo wa mpini kisu kitaukata mpini. Tundu la kweli hupatikana kwa kulikata umbo moja kutoka kwa lingine, kwa `Path > Difference`. Kinyume chake ni herufi za mwandiko wa mkono zinazoshikana: kila zinapopandana kuna njia zinazokatiza ndani ya neno, na zisipounganishwa kwa `Path > Union` neno litatoka plotani likiwa na mikato katikati.

Milimita moja na sababu yake

Sasa tuje kwenye unene wenyewe. Kanuni inayofaa kwa stika ya kawaida ya kioo ni hii: kitu chochote kisiwe chembamba kuliko milimita 1, na kama unaweza kufika milimita 2, fika. Sababu ni tatu, na ukizielewa hutahitaji kuikariri namba.

Ya kwanza ni kisu. Kisu cha plota nyingi za kawaida huburutwa. Ncha yake iko pembeni kidogo ya mhimili, mara nyingi kwa robo ya milimita, na hujigeuza kufuata mwendo kama gurudumu la mbele la toroli linavyogeuka kufuata anakosukuma mtu. Kwenye mstari mrefu hugeuka bila shida. Kwenye kona kali zinazokaribiana, kinapogeuka huuvuta utando, na kama kipande kilichobaki pale ni chembamba, kitanyanyuka au kusogea kabla ukingo wa pili haujakatwa.

Ya pili ni gundi ya upande wa karatasi. Wakati wa kubandua mabaki, kinachoizuia herufi isinyanyuke nayo ni eneo lake la gundi tu. Ukanda wa nusu milimita una eneo dogo mno. Mabaki yakivutwa, nao hufuata, hasa pale kisu kilipoacha uzi mdogo ambao haukukatika vizuri.

Ya tatu ni maisha ya kioo chenyewe. Stika ya dirisha hufutwa. Kitambaa hupita kwenye kila ukingo, na ukingo ulionyanyuka kidogo hushika vumbi, vumbi hula gundi, kisha kipande huondoka. Fundi mwenye kisu kipya na mkono mtulivu anaweza kukata mstari wa nusu milimita ukatoka vizuri. Kuubakiza kioo mwaka mzima ni jambo jingine.

Turudi kwa mama wa sare. Kwenye bango nembo yake ilikuwa na upana wa sentimita 60, na uzi ulikuwa na unene wa milimita 2.4. Kwenye kioo nembo itakuwa na sentimita 15, yaani imepungua mara nne. Uzi sasa una milimita 0.6. Pengo kati ya meno ya mkasi, lililokuwa milimita 1.6, limekuwa 0.4. Hakuna aliyekosea kuchora. Nembo ilifaa kwa ukubwa wake, na ukubwa umebadilika. Ndiyo maana unene hupimwa baada ya mchoro kuwekwa kwenye kipimo cha mwisho, si kabla.

Namna ya kupima isiyohitaji ujuzi mwingi ni kuchora duara jekundu lenye kipenyo cha milimita 1 na kuliburuta juu ya mchoro. Popote ambapo duara haliingii ndani ya umbo, hapo ni pembamba mno. Liburute pia kwenye mapengo. Watu wengi husahau mapengo, ilhali pengo nalo ni ukanda wa stika, ila huu ni wa kutupwa. Ukiwa mwembamba sana utakatika vipandevipande wakati wa kubandua, utachokonolewa kwa sindano, na ukishatoka mpita njia wa mita tatu hatauona.

Kunenepesha uzi ni hesabu fupi. Una milimita 0.6, unataka 2, unakosa 1.4. Unaupa umbo mstari wa nje wa milimita 1.4, ambao utaongeza 0.7 kila upande, halafu unaugeuza kwa `Path > Stroke to Path` na kuuunganisha na umbo la awali. Lakini kumbuka kwamba unachokiongezea umbo umekitoa kwenye pengo la jirani. Uzi ukipita karibu na mwili wa cherehani, pengo lililokuwa milimita 1.5 sasa limebaki 0.8, na lazima uzi usogezwe. Mkasi haukuhitaji kunenepeshwa. Ulihitaji meno yake yafunguliwe zaidi hadi pengo lifike milimita 2. Ncha ya sindano ya cherehani, iliyochongoka hadi kuwa si kitu, ilikatwa butu ikaachwa na upana wa milimita 1. Na ule mstari wa vidoti uliowakilisha mishono, vipande kumi na kitu vidogo kama punje za ufuta, uligeuzwa kuwa mstari mmoja mzima.

Hapo mwenye nembo huweza kuuliza: "Fundi, mashine si inakata kitu chochote?"

"Inakata, mama. Ila hizi punje zitabaki kwenye kitambaa chako cha kufutia kioo kabla mwezi haujaisha."

Jibu la namna hiyo linatosha. Mteja haelezwi kwamba nembo yake ni mbaya, anaelezwa nembo yake itakavyokuwa kwenye kioo, na anaamua akijua.

Herufi ndogo na kazi ya mkono

Kwa maandishi, angalia miguu ya herufi kabla ya urefu wake. Fonti nene isiyo na vikia huvumilia kupunguzwa. Fonti yenye vikia ina sehemu nene na sehemu nyembamba kwenye herufi ileile, na ile nyembamba ndiyo inayokuangusha. USHONAJI WA SARE kwa fonti nene, ikijaza sentimita 60, hufika urefu wa takriban sentimita 4, na miguu yake ina unene wa milimita kadhaa. Hapo hakuna wasiwasi. Wasiwasi uko kwenye saa za kazi, ambazo kila mtu hutaka kuzibana chini kwa herufi ndogo. Kwa herufi zisizo na vikia, ukishuka chini ya sentimita 1 ya urefu umeingia eneo la tabu, na msomaji wa barabarani naye anaanza kukunja uso. Kipimo kinachotumika sana na watengeneza mabango ni milimita 25 za urefu wa herufi kwa kila mita tatu hivi za umbali, ikiwa unataka isomeke bila kujitahidi.

Mama alikuwa ameandika mstari mmoja: "Jumatatu – Jumamosi, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni." Hesabu kazi iliyomo humo. Kuna matundu 13 ya kutolewa moja moja kwa kibano, ndani ya kila a, o, b na d. Kuna nukta 6 za i na j, kila moja ikiwa kipande kinachojitegemea, nazo ndizo hupotea kwanza. Ukiugawa mstari huo kuwa miwili na kuliacha neno "hadi", yaani "Jumatatu – Jumamosi" juu na "Saa 2 asubuhi – saa 12 jioni" chini, matundu yanakuwa 11 na nukta 5. Si punguzo kubwa. Faida kubwa ni kwamba mistari imekuwa mifupi, hivyo herufi zinaweza kufika sentimita 2.5, na nukta ya i iliyokuwa ya kuchokonoa sasa inashikika. Maneno yale yale, nafasi ile ile ya sentimita 60, kazi nyepesi.

Kwa wenye picha ya nembo iliyotumwa kwa simu badala ya faili la njia, kuna mtego mmoja wa kuufahamu. Programu inaweza kuifuatisha picha na kuitengenezea njia, lakini picha iliyobanwa ina kingo zenye ukungu, na njia zinazotoka hutetemeka. Herufi O iliyochorwa vizuri ina nukta za njia 8: 4 za nje na 4 za ndani. O iliyofuatishwa kutoka kwenye picha mbovu inaweza kuwa na makumi. Kila nukta ni mahali ambapo kisu kinaweza kugeuka kidogo, na ukingo utatoka na meno madogo yanayong'ang'ania mabaki. `Path > Simplify` hupunguza nukta, ila ukiirudia mno huyeyusha na kona halali. Kwa maandishi, dawa bora ni kuitafuta fonti yenyewe na kuyaandika upya. Kwa umbo rahisi kama mkasi, kulichora upya juu ya picha huchukua muda mfupi kuliko kulisafisha.

Kuyapangia mabaki njia ya kutokea

Mchoro ukishakuwa na unene unaofaa, bado haujakamilika. Mabaki nayo huchorwa. Zungushia kazi yote mstatili, ukiacha milimita 10 hivi kila upande. Bila mstatili huo hujui mabaki yanaanzia wapi, na utalazimika kuukata utando kwa wembe, pengine ukagusa herufi. Kisha weka mistari ya kulala kati ya nembo na jina, na kati ya jina na saa za kazi, ikiishia kwenye mstatili. Mistari hiyo huyagawa mabaki kuwa kanda. Karatasi kubwa ya mabaki yenye sentimita 60 ukiivuta kwa mkupuo huwa nzito na yenye gundi, hujikunja, hugusa jina ulilokwisha kulisafisha, na kulinyanyua. Ukanda mmoja mmoja hutoka kwa utulivu.

Mistari ya kugawa isiguse herufi, na isipite kati ya herufi za neno moja. Mahali penye shughuli nyingi, kama kuizunguka nembo, mstari wa ziada kutoka kwenye umbo hadi ukingoni unaweza kuyafungua mabaki yaliyonasa, mradi uanzie kwenye mabaki na si ndani ya umbo. Kama programu ya plota inaruhusu kupanga zamu, mstatili wa nje ukatwe mwisho, ili utando uendelee kushikiliwa pembeni wakati vipande vidogo vinakatwa.

Jambo la mwisho kwenye kompyuta ni upande. Stika ya kubandikwa nje ya kioo hukatwa kama ilivyo. Ya kubandikwa ndani, ikasomwa kutoka nje, lazima igeuzwe kwa `Object > Flip Horizontal`, na kabla ya hapo bandua kona ya vinaili uone upande wa gundi una rangi ipi, kwa kuwa huo ndio utakaoonekana barabarani. Ndani ni salama zaidi dhidi ya kitambaa na vidole vya wapita njia. Mchana kioo cha duka huonekana cheusi kwa sababu ndani kuna giza kuliko nje, kwa hiyo nyeupe au rangi nyepesi husomeka kuliko nyeusi. Weka pia mraba wa milimita 100 pembeni ya mchoro. Faili la SVG lililotengenezwa kwa Inkscape ya kabla ya toleo 0.92 lilihesabu nukta 90 kwa inchi, na matoleo ya sasa huhesabu 96, hivyo kazi ya sentimita 60 inaweza kufunguka ikiwa na 56.25. Mraba huo, ukipimwa kwa rula, utakuambia kabla hujaharibu utando.

Jaribio dogo kabla ya kazi

Usiikate stika nzima kwanza. Kata kipande kigumu kuliko vyote, kwa kipimo chake halisi. Kwa kazi yetu ni ile ncha ya sindano pamoja na mzunguko wa uzi, na neno "jioni", lenye nukta tatu. Bandua mabaki ya kipande hicho, halafu tazama mambo mawili.

Kwanza, karatasi ya nyuma. Iwe na alama hafifu ya kisu, kama mkwaruzo, bila kutoboka. Isipokuwa na alama yoyote na mabaki yakatoka na nyuzi, kisu hakijazama vya kutosha au ni butu. Ikikatika, kisu kimezama mno, na stika itagoma kutoka kwenye karatasi wakati wa kuhamisha. Pili, kona. Kona ya mraba ikitoka ya duara, au ikiwa na ulimi mdogo unaochomoza, ile robo ya milimita ya kisu haijawekwa sawasawa kwenye mashine. Vipande vidogo vikinyanyuka wakati kila kitu kingine kiko sawa, punguza mwendo wa mashine kabla hujaongeza mkandamizo. Na vikiendelea kunyanyuka, basi jibu liko kwenye mchoro: rudi ukavinenepeshe.

Ukishakata, bandua mapema. Kwenye joto letu la pwani gundi hulainika, na kingo zilizokatwa huweza kushikana tena zikiachwa hadi kesho. Anza kwenye kona, yakunje mabaki kwa nyuma yalale karibu sambamba na karatasi, na uvute polepole kwa mshazari. Ukivuta kwenda juu unainyanyua herufi pamoja nayo. Matundu ya ndani yasubiri hadi mabaki makubwa yaishe.

Kuna michoro ambayo haifai kupita njia hii, na ni haki kumwambia mteja mapema. Picha ya uso, rangi zinazofifia kutoka moja hadi nyingine, nembo ya mistari myembamba ambayo mwenyewe hakubali ibadilishwe: hizo zichapwe kwenye utando wa kioo kisha zikatwe mzingo wa nje tu. Anayeng'ang'ania kukata mstari wa milimita 0.4 kwa sababu "ndivyo nembo ilivyo" ataulipia mara mbili, saa ya kuubandua na siku ya kuurudia. Mama wa sare alipoonyeshwa nembo mbili kwenye karatasi, ya zamani na iliyonenepeshwa, zote zikiwa na upana wa sentimita 15 zilezile, aliichagua iliyonenepeshwa bila kuambiwa ipi ni ipi. Kwa mbali ilisomeka vizuri zaidi, na fundi aliyekuwa anakwenda kuibandua alijua atamaliza siku ileile.